Zuhura Alijua

Nilimpa rafiki yangu kurasa 12 za kwanza za hadithi yangu. Ni Mombasa ya mwaka 2140, bahari imepanda, visima vimeingia chumvi, na kila mtu ana kadi ya maji. Akanirudishia siku ya pili. Alikuwa amepiga mstari mmoja mrefu pembeni, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa nne, na chini ameandika: "Hii ni hadithi ama ni ripoti ya kamati?"

Ilinikata, lakini ukweli ni kwamba kwenye kurasa hizo nne hakuna mtu anayesonga hata hatua moja. Nilikuwa nimeeleza bahari ilivyopanda, nani alianzisha Mamlaka ya Maji, na kadi zina rangi ngapi. Zuhura, ambaye hadithi ni yake, alitokea ukurasa wa tano akiwa kwa foleni na mtungi wake.

Nilijiuliza nilikuwa namweleza nani haya yote. Nilipopitia tena nikakuta nimeeleza dafu ni nini. Dafu! Tena kwa hadithi ya Kiswahili. Kumbe kichwani nilikuwa na msomaji mgeni kabisa, na nilikuwa namwogopa asije akapotea akafunga kitabu. Huyo wangu wa Kongowea nilimwacha asubiri hapo kando huku mgeni akihudumiwa.

Hata mgeni hahitaji huduma hiyo. Siku ya kwanza umetoka ushago, hakuna aliyekukalisha chini kukueleza matatu hufanyaje kazi. Uliona mtu akigonga chuma na gari likasimama. Mvua ikanyesha, nauli ikapanda, watu wakanung'unika na wakalipa tu. Kufikia jioni ulikuwa umeelewa mji huu una sheria gani. Wanuri Kahiu alifanya vivyo hivyo kwenye filamu yake fupi Pumzi, ya 2009. Tunamwona Asha akisafisha jasho na mkojo wake mwenyewe apate maji ya kunywa. Baadaye anapoumwagia mmea maji yake, tayari tunajua anatoa nini.

Basi nikaandika upya. Zuhura anafuta kadi kwa ncha ya leso kabla ya kuitumbukiza, kwa sababu mashine inakataa kadi yenye chumvi. Askari anaona kadi yake ni ya njano, anamsogeza mbele, na mama aliye nyuma anafyonza. Ni sentensi mbili tu, lakini msomaji ameshajua kuna chumvi kila mahali na kuna watu wa kwanza na watu wa mwisho.

Hapo nikalewa ujanja. Kwenye ulimwengu wangu, ukimwazima mtu kadi yako unanyang'anywa maisha. Ukurasa wa tisa Zuhura anamwazima mtoto wa jirani. Nilificha sheria hiyo hadi ukurasa wa 11, askari wanapomjia, ili msomaji ashtuke. Rafiki yangu alisoma akaniambia, "Sasa umenichezea."

Alikuwa na haki. Zuhura aliijua sheria hiyo tangu utotoni, na sisi tuko ndani ya kichwa chake. Mkono wake uliponyooka na ile kadi, hakuwa anafikiria kitu kingine. Jina la mwanzilishi wa Mamlaka naweza kukunyima bila kosa, maana Zuhura mwenyewe halifikirii akiwa kwa foleni. Lakini kukunyima kile anachokipima moyoni wakati anaamua, huo ni wizi. Nilichukua ushujaa wake nikaugeuza kiini macho changu.

Sasa, ukurasa wa sita, kuna mzee ameketi nje ya ua na mtungi mkavu. Watu wakipita wanammiminia kidogo kidogo. Zuhura naye anammiminia, na mtu anasema kwa sauti ya chini, "Alimwazima shemeji yake. Mara moja tu." Ukifika ukurasa wa tisa, unataka kumshika mkono.

Sijaondoa maelezo yote. Ukurasa wa 14 kuna aya nzima inayosema wazi jinsi visima vilivyoharibika. Nilijaribu kuitia kwenye mazungumzo, ikawa majirani wawili wanaambiana mambo ambayo wote wamezaliwa wakiyajua: "Kama unavyokumbuka, bahari ilipanda..." Nani huongea hivyo? Nikairudisha kama simulizi ya kawaida. Kufikia hapo mtoto ameanza kuugua kwa maji ya kisima, na msomaji mwenyewe anataka kujua kwa nini.

Yale mengine ya kamati na waanzilishi yako kwa daftari langu, karibu kurasa 30. Rafiki yangu amesoma rasimu ya tatu yote, na hajauliza hata moja.