Mstari Nje ya Mdomo

Je, kuchora mdomo nje ya mpaka wake ni uongo? Swali hili hunijia kila nikimpaka rafiki yangu rangi. Mdomo wake wa juu ni mwembamba, na kilele cha kushoto kiko chini kidogo ya kile cha kulia. Tena wa juu ni mweusi na wa chini una waridi katikati, kama wengi wetu, na weusi huo huufanya wa juu uonekane mwembamba kuliko ulivyo.

Kwa hivyo kazi ya kwanza ni kusawazisha rangi. Tinti ya maji inatangulia, kwenye mdomo mkavu usio na mafuta, kwa sababu ukianza na penseli, nta yake itazuia tinti kushika. Naizidisha kwenye lile waridi, nangoja ikauke. Halafu penseli ya kahawia, iliyokolea kidogo tu kuliko mdomo wake. Anatulia, hatabasamu. Kilele cha kulia nakifuata palepale kilipo. Cha kushoto nakipandisha kwa unene wa ncha ya penseli, basi. Kwenye pembe narudi ndani ya mpaka. Kisha nauvuta mstari kuelekea ndani usibaki kama ua. Glosi ni tone moja katikati, maana mng'ao hufanya mdomo uonekane umejaa. Ikifika ukingoni, nta inalainika na mstari unaanza kutambaa.

Mbona unene wa ncha tu? Ukingo wa mdomo ni kituta kidogo kinachonasa mwanga. Ukiuvuka sana, rangi inalala kwenye ngozi bapa, na mtu akikutazama mchana kwa ubavu anaona midomo miwili, wa kuchora na wa kuzaliwa.

Lakini nani alisema mdomo wake umepinda? Yeye anaujua kwa kioo, na kioo kinamgeuzia uso. Akipigwa picha kwa kamera ya nyuma, upande ulioinama unahamia kule asikouzoea, na anashtuka, eti amepinda zaidi. Zii, hajazoea tu. Sisi tumezoea. Yaani, ile sura anayoirekebisha kila asubuhi, hakuna mwingine anayekutana nayo barabarani.

Sioni uongo kwenye mstari mwembamba ambao jioni anaupangusa mwenyewe. Kinachonisumbua ni kwamba siku hizi hataki hata kwenda dukani kununua maziwa kabla hajachora. Hapo penseli imeacha kuwa pambo, imekuwa ruhusa ya kutoka nje. Nani alimnyima hiyo ruhusa?

Bado nampaka. Ila sasa kabla ya kuanza namchekesha, nampiga picha kwa kamera ya nyuma, kisha namwonyesha. Akicheka, mdomo wa juu unanyooka, na vilele vile viwili huwezi kuvitofautisha.