Hesabu ya Mashine Kabla ya Mkopo

Wanangu wa mwaloni, haya nimeyasema tangu baba zenu wakiwa vijana, na koo langu limechoka. Lakini kila mwaka naona wawili watatu wakitoka benki au kwa tajiri wakiwa wamesaini mkopo wa mashine ya farasi 15, wanaifunga kwenye mtumbwi wa mita 6, na kabla mwaka haujaisha mashine imerudi kwa mwenye deni. Basi kaeni, niyaseme tena polepole.

Swali mnalouliza ni moja tu: nani alileta samaki wengi leo? Mwenye mashine alileta, sikatai. Anafika mbali, anabeba nyavu nyingi, na anatoka hata usiku ambao mwenye tanga hana upepo. Mimi nawaomba muulize lingine: baada ya petroli, nani amebaki na nini mkononi?

Tuchukue mfano wa huku kwetu upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria, Musoma hadi Majita, mvuvi wa sangara kwa nyavu za makila. Bei nitakazotaja ni za kukadiria, kila mmoja aweke za mwalo wake. Petroli tuseme shilingi 3,000 kwa lita, na wa visiwani wanajua kwao huzidi hapo. Sangara tuseme 6,000 kwa kilo. Mahali pa kutega ni kilomita 12 kutoka ufukweni.

Mtumbwi wetu wa mbao ukisukumwa na mashine hiyo kwa nguvu karibu yote unakwenda kama kilomita 10 kwa saa. Kwenda na kurudi ni saa mbili na nusu hivi, na mashine ya tustroki ya ukubwa huo hunywa karibu lita 6 kwa saa. Ongeza kuzunguka wakati wa kutega na kuvuta, unafika lita 16. Hizo ni shilingi 48,000. Oili ya kuchanganya, lita moja kwa lita 50 za petroli, ongeza 4,000. Kisha kuna gharama isiyoonekana. Mashine ya milioni 6 ikidumu miaka mitano kwa safari 20 za mwezi, kila usiku inakula shilingi 5,000 za uhai wake yenyewe. Plagi, propela iliyogonga jiwe, fundi wa kabureta, weka 5,000 nyingine. Jumla ni 62,000 kwa usiku mmoja.

Gawanya kwa bei ya sangara. Kilo kumi na zaidi kidogo. Kilo hizo kumi za kwanza kila usiku ni za mashine, na hakuna mtu wa nyumbani kwako atakayezila.

Sasa mweke mwenzake wa tanga na makasia. Tuseme huyu anatoka usiku 15 kwa mwezi, maana kuna siku hewa imekufa na siku mawimbi yamemkatalia, na wastani wake ni kilo 12. Wa mashine anatoka usiku 20 na wastani wake ni kilo 20. Mwezi ukiisha, wa mashine ana kilo 400, wa tanga ana 180. Mwaloni wote watasema wa mashine ni mvuvi na yule mwingine anacheza. Lakini milioni 2 na laki 4 za wa mashine zikitolewa gharama ya 1,240,000 zinabaki 1,160,000. Wa tanga ameuza kwa 1,080,000, akatoa kama 15,000 za turubai, kamba na mlingoti, amebakiwa na 1,065,000. Samaki zaidi ya mara mbili, na tofauti ya fedha ni shilingi 95,000. Riba ya mkopo bado sijaigusa, wala chakula cha usiku tano za ziada, wala nyavu za ziada alizonunua.

Lakini kinachoniumiza zaidi ni mgao. Mgao wetu mwingi ni huu: mafuta na oili hutolewa kwanza, kinachobaki tajiri anachukua nusu na wavuvi nusu. Fanyeni hivyo kwa hesabu hii. Kwenye milioni 2 na laki 4 toa 1,040,000 za mafuta na oili, inabaki 1,360,000, kila upande 680,000. Kwenye nusu yake tajiri ndiye anayebeba uchakavu na fundi, laki mbili kwa mwezi, naye anabaki na 480,000. Kwenye tanga nusu yake ni 540,000, akitoa za turubai anabaki na 525,000. Mwenye chombo amekopa milioni 6 ili apate pungufu kuliko alivyokuwa akipata! Wavuvi wake ndio waliopanda kutoka 540,000 hadi 680,000, na wamezifanyia kazi usiku zaidi. Ndiyo maana vijana wa kazi humshawishi mwenye mtumbwi anunue mashine, na siwalaumu. Ila wewe unayesaini ujue unamnunulia nani.

Msinielewe vibaya, mashine ina pahali pake. Wastani wako ukiwa kilo 30 kwa usiku, hesabu inageuka kabisa, zinabaki zaidi ya milioni 2 na laki 3 kwa mwezi, na hapo mwenye tanga hakufikii. Ukishuka hadi kilo 17, unabaki na 800,000, chini ya mwenye tanga. Mstari uko hapo katikati, na samaki wa ziwa hili hawakai mstari mmoja mwaka mzima. Mwaka 2000 ziwa zima lilihesabiwa mitumbwi zaidi ya 42,000, na mashine zake zilikuwa kama 4,000, yaani moja katika kila mitumbwi kumi. Mashine zimeongezeka sana tangu hapo, na zote zinakimbilia sangara walewale. Umbali uliokuwa siri ya mwenye mashine sasa ni wa kila mtu.

Na tanga nalo lina shida zake, tena kubwa. Huku mashariki usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mchana hugeuka ukatoka ziwani kuja nchi kavu. Mzee wa tanga anaondoka saa tisa au saa kumi za alfajiri, upepo ukimsukuma mgongoni, anakuta nyavu alizotega jana wakati wa kupambazuka. Anavuta, anatega upya, halafu anasubiri. Upepo wa kumrudisha hauamki hadi jua limepanda, kwa hiyo anafika mwaloni saa sita au saa saba. Sangara aliyefia kwenye wavu usiku, kisha akalala saa sita kwenye mtumbwi juani, hapokelewi na wakala wa kiwanda. Mtamjua kwa kumfunua shavu: matamvua yaliyokuwa mekundu yamekuwa kahawia, jicho limezama na kuingia ukungu, na ukibonyeza mgongo nyama hairudi juu. Huyo atauzwa kwa wakaangaji kwa bei ya huruma. Kwa hiyo mwenye tanga asiye na barafu wala gunia lililoloweshwa la kuwafunika samaki asidhani hesabu yangu ya 6,000 kwa kilo ni yake. Wakimkata hadi 4,000, kilo zake 180 zinampa 720,000 tu, na mashine imemshinda waziwazi.

Shida ya pili ni wezi. Nyavu zilizoachwa ziwani usiku bila mtu huibwa, ndiyo maana wengi siku hizi wanalala juu ya nyavu zao. Mwenye tanga hana namna ya kuwahi wala kukimbiza. Lakini mwenye mashine naye asijisifu, maana majambazi wa ziwani wanaitafuta mashine yenyewe kuliko samaki. Nyavu zikienda umepoteza nyavu. Mashine ikienda, deni linabaki palepale.

Tufani ya usiku sitaisema sana, mnaijua. Wingu jeusi likianza kuwaka radi upande wa magharibi, mwenye tanga alishushe mapema na kulifunga, na mwenye mashine asingoje awe na robo ya tangi ndipo akumbuke kurudi.

Kwa wale ambao mashine wanayo tayari, nina neno moja la kuwaokolea fedha, na ndilo ninyi vijana mnalolidharau kuliko yote. Punguzeni mkono. Tazama mtumbwi wako unapokwenda kwa nguvu zote: pua imeinuka, tezi imezama, na nyuma yako kuna wimbi refu linalokufuata. Petroli yako inatengeneza wimbi hilo. Mtumbwi mzito wa mbao hauruki juu ya maji kama boti za utalii, una mwendo wake, na ukiulazimisha zaidi ya hapo unalipa sana kwa kidogo. Rudisha mkono taratibu hadi tezi iinuke na lile wimbi lilale. Mwendo ukipungua kwa moja ya tano, mafuta ya saa moja hupungua karibu nusu. Safari inakuwa ndefu kidogo, lakini kwa safari nzima unaokoa karibu theluthi. Lita 16 zinakuwa 11. Hizo lita 5 ni shilingi 15,000 kwa usiku, laki tatu kwa safari 20, na ni zaidi ya mara tatu ya ile tofauti ya 95,000 tuliyoipata pale juu. Unazipata kwa kuchelewa dakika arobaini. Kama huendi kugombania bei ya kwanza mwaloni, dakika hizo hazikugharimu chochote.

Na kama bado hujanunua, anza na mashine ndogo ya farasi 8, na mlingoti usiutupe. Kwa mtumbwi wa mita 6 wenye watu watatu inatosha kukurudisha asubuhi kabla samaki hawajaharibika, na wakati wa kutoka alfajiri upepo wa nchi kavu ukusukume bure. Petroli uitumie njia moja tu, ile ya kurudi. Wazee wengi wa huku waliobaki na vyombo vyao wenyewe wanafanya hivyo, wala hawaoni haya kupandisha turubai lenye viraka wakati vijana wanawapita kwa kelele.

Kabla ya kusaini, chukua daftari. Andika kilo zako usiku kwa usiku kwa miezi mitatu, pamoja na usiku uliorudi mtupu. Muulize mwenye mashine anayetega unapotaka kwenda akuoneshe kilo zake, si za usiku mmoja wa bahati. Tofauti kati yake na wewe isipozidi kilo kumi na tano kwa usiku, usikope. Nunua turubai jipya, kamba nzuri na barafu.