Kumi Mbili Mbele ya Sita

Jamaa mmoja aliingia kasino huko Las Vegas akiwa na kanuni moja tu ya blakjeki: mgawa karata akionyesha sita, mbane. Kanuni yenyewe si mbaya. Mgawa karata hana hiari. Lazima achote mpaka afikishe 17. Karata zenye thamani ya kumi ndizo nyingi zaidi, kwa hiyo mwenye sita mara nyingi huishia na 16, achote tena, apite 21. Hilo humpata takriban mara 42 katika 100.

Shida ni kwamba jamaa hakujua abane na karata zipi. Mwanzo alipata sita na tano, jumla 11, mbele ya sita ya mgawaji. Hapo ndipo pa kuongeza dau mara mbili na kupokea karata moja tu. Akaogopa. Alichota kawaida, ikaja kumi, akashinda dola 20 na kuchekelea. Angeondoka na 40.

Baadaye kidogo zikamjia kumi mbili, na mgawaji yuko na sita ileile. Sasa ujasiri umempanda: akaitenganisha jozi, akaweka dola 20 nyingine. Kumi ya kwanza ikapata tano, ya pili ikapata tatu. Alisimama na 15 na 13, na kwa kweli alipofikia hapo hakuwa na la maana zaidi. Mgawaji akafunua kumi, akachota tatu: 19. Dola 40 zikaenda, ilhali 20 yake ingeshinda. Mtu asiseme ni bahati mbaya tu. Ukisimama na 20 mbele ya sita, kwa kila dola 100 unatarajia faida ya takriban 70. Ukitenganisha, haifiki 60.

Akakasirika, na hasira ikamponza kwenye mkono wa tatu: kumi na sita, mgawaji akionyesha kumi. Meza iliruhusu kusalimu amri, yaani kuacha nusu ya dau kabla ya kuchota. Akaona ni aibu. Alichota, ikaja tisa, 25. Kwa hesabu, kusalimu kunakugharimu dola 50 katika 100. Kuchota au kusimama, takriban 54. Ila 16 hiyo ikiwa ni nane mbili, zitenganishe: utapoteza bado, lakini pungufu kidogo ya 50.

Baadaye alinunua kadi ya mbinu dukani hapohapo hotelini. Kasino nyingi hukuruhusu kuisoma mezani. Ukiifuata barabara kwenye meza nzuri, nyumba hubakiwa na takriban nusu senti kwa kila dola. Yeye akaketi kwenye meza inayolipa blakjeki 6 kwa 5 badala ya 3 kwa 2: dau la 20 likamletea 24, si 30. Tofauti hiyo peke yake huipa nyumba zaidi ya senti moja nyingine kwa kila dola, hata usipokosea karata moja.