Kidole ni Chako, Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu, nimesikia umechaguliwa na karibuni unaondoka hapa Ifakara kwenda kuvaa gwanda. Nimefurahi. Lakini kaa mkekani kidogo unisikilize babu yako.

Huko utafundishwa kutii, nawe utii. Ukiambiwa uchimbe handaki saa nane za usiku, chimba. Ukihamishiwa mpakani wakati mkeo amejifungua jana, nenda. Ukiamriwa usonge mbele huku risasi zinalia, songa. Amri haiwi haramu kwa sababu inakuumiza, wala kwa sababu huijui maana yake. Pale unapokuwa na shaka, mpe mkubwa wako shaka hiyo.

Lakini utii una mpaka, mwanangu. Sheria ya Ulinzi wa Taifa humwadhibu askari kwa kukaidi amri halali. Haikumpa kamanda yeyote ruhusa ya kukufanya muuaji.

Unawakumbuka wale wa Mahenge? Ulikuwa mdogo, ila humu bondeni hadithi yao haijapoa. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, hapo tu ng'ambo ya Mto Kilombero, waliuawa Dar es Salaam pamoja na dereva wa teksi aliyewabeba. Polisi walisema ni majambazi, wamekufa wakirushiana risasi na askari. Rais akaunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka. Ikabainika hawakuwa majambazi, na waliuawa katika msitu wa Pande, wakiwa tayari mikononi mwa polisi.

Hao walikuwa polisi, utaniambia, mimi naenda jeshini. Bunduki ni ileile, mjukuu wangu, na mtu aliyekwisha kukamatwa ni yuleyule.

Sasa tazama njia ile iliwafikisha wapi. Polisi walioshtakiwa kwa mauaji hayo walikaa mahabusu miaka mitatu. Agosti 2009 Mahakama Kuu ikawaachia, jaji akisema wauaji hasa hawakuwa mbele yake. Koplo aliyetajwa kuwa ndiye aliyefyatua risasi hakuwahi kusimama kizimbani; alikuwa ametoroka. Upande wa mashtaka ukakata rufaa, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikaacha huru wengine, pamoja na mkubwa ambaye kesi ilibeba jina lake, ikamtia hatiani afisa mmoja, Christopher Bageni. Akahukumiwa kunyongwa.

Mfikirie yule koplo. Cheo kidogo, pengine na watoto nyumbani, na maisha yake yakawa ya kujificha. Ndiyo maana nasema: amri ya mdomo haina mwenyewe ikipambazuka. Aliyekutuma atasema hakukutuma, na kidole kilichofyatua ni chako.

Utaijuaje amri ya namna hiyo? Usitafute wakili. Tazama kitendo chenyewe. Kumpiga risasi mtu aliyefungwa, aliyejisalimisha au aliyejeruhiwa na kulala chini; kumbaka mwanamke; kumtesa mateka ili aseme; kuchoma ghala za raia ili wafe njaa. Hilo la mwisho bonde hili linalijua, maana wakati wa Maji Maji askari wa Wajerumani walichoma mashamba na vyakula, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Roma mwaka 2002, nao unasema amri ya mkubwa haikuokoi pale uharamu wake unapoonekana wazi. Ukipelekwa Kongo kulinda amani, nenda nayo hiyo kichwani.

Nakusihi sana, jifunze pia namna ya kukataa. Mwambie anayekuamuru: "Afande, naomba urudie amri." Sema kwa sauti, wenzako wasikie. Wengi wakitakiwa kuirudia mbele ya mashahidi huibadilisha. Akiirudia, mjibu kwa heshima, umesimama wima: "Afande, hilo siwezi, ni kuua mfungwa." Shusha mtutu, funga usalama wa silaha, baki hapohapo kwenye zamu yako.

Usimwelekezee bunduki. Usitoroke na silaha. Usiwachochee wenzako. Waliofanya hivyo Januari 1964 pale kambi ya Colito, wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza, walikuwa na manung'uniko yao, lakini yale yalikuwa maasi, na jeshi lote likavunjwa. Wewe unakataa kitendo kimoja tu. Amri inayofuata, kama ni halali, itii.

Unaweza kuwekwa rumande ya kambi. Unaweza kunyimwa cheo. Sikufichi, mjukuu wangu, wapo watakaokuita mwoga. Siku hiyohiyo nenda kwa mkubwa wa yule aliyekuamuru, utoe taarifa, nawe andika pembeni tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa na nani alikuwepo. Mfungwa yule naye mtaje jina, kabla hajahamishwa mahali usipopajua.