Usiombe Msamaha kwa Deni Lisilo Lako

Jirani yangu, fundi cherehani, alinipa nisome barua aliyotaka kuipeleka kwa waliomkopesha. Ilianza hivi: "Naomba mnisamehe faini." Nikamwambia, "Dada, futa hapo kwanza." Anayeomba kusamehewa faini amekwisha kukiri kuwa anadaiwa, na yeye hakudaiwa kiasi kile. Inaniuma kuona watu waaminifu wakiinamisha kichwa mbele ya hesabu isiyo sahihi.

Mkataba wake unasema faini ni asilimia 3 kwa mwezi ya kiasi cha rejesho kilichochelewa. Rejesho ni shilingi 250,000. Machi alilipa 200,000, zikabaki 50,000, kwa hiyo faini halali ni 1,500. Ofisi ya mkopeshaji ilikokotoa asilimia 3 ya deni zima lililobaki, 1,600,000, ikapata 48,000. Wamemzidishia 46,500.

Wengi wangedai hizo 46,500 wakaishia hapo. Lakini kosa hili lilikwisha kuzaa jingine. Aprili alipeleka 301,500: rejesho la mwezi, baki ya Machi na faini yake halali. Wakopeshaji wengi hukata faini kwanza, kisha riba, ndipo deni la msingi. Ofisi ikachukua 48,000 zake, rejesho likaonekana pungufu, na Mei akatozwa faini nyingine kwa ucheleweshaji ambao haukuwepo. Akirudishiwa 46,500 tu, faini ya Mei itabaki kwenye akaunti yake.

Ndiyo maana tuliandika upya, tukaomba mkopo wote ukokotolewe tena kuanzia siku faini ya kwanza ilipoingizwa. Barua ilitaja namba ya mkataba na kifungu cha faini, ikaonyesha hesabu yao na yetu, ikaambatishwa nakala za risiti. Ilidai faini zote zilizotokana na kosa lile zifutwe, taarifa kamili ya akaunti ya mkopo itolewe, na majibu yaje kwa maandishi. Nakala yake aligongewa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Hiyo asiikose, kwa sababu mkopeshaji akikaa kimya au akikataa, naye akapeleka malalamiko Benki Kuu ya Tanzania, itataka kuona kwamba mteja alianza kwa mkopeshaji mwenyewe.

Nilimsihi pia asisimamishe marejesho wakati anasubiri. Kinachobishaniwa ni faini. Rejesho la 250,000 ni deni lake la kweli, na akiliacha atakuwa amewapa sababu halali ya kumtoza.

Barua hii ina nguvu kwa sababu mkataba uko upande wake. Kama kifungu kingesema faini ni asilimia 3 ya deni lote lililobaki, ofisi isingekuwa imekosea hesabu. Hapo angeweza kulalamikia ukali wa sharti lenyewe, au kuomba nafuu, na barua ingekuwa nyingine kabisa.