Sifa za Fundi Viatu

Jana nilimwandikia sifa fundi viatu wa mtaani kwetu. Nilianza na "huduma bora kabisa", nikafuta; sifa hiyo hata muuza chapati ingemtosha. Nikaandika: "Nilimpelekea kiatu cha ngozi kilichoachia soli. Alikwangua gundi yote ya zamani, akapaka mpya, akaiacha ikauke kidogo ndipo akabandika, kisha akashona ukingo mzima kwa mkono. Shilingi 6,000, siku mbili. Masika yamepita, hakijaachia. Ijumaa mchana hufunga, na chenji hana. Nenda na noti ndogo." Hilo la chenji nililiacha makusudi: msomaji akiona kasoro ndogo, huziamini na sifa. Nawe leo mwandikie fundi wako, utaje ulichompelekea, bei na siku alizochukua.