Kabla Kitambaa Hakijakatwa

Mwezi wa Machi rafiki yangu alikuja nyumbani Karatu jioni, akakaa, akanywa chai, kisha akasema ameniteua mimi na mke wangu tuwe wasimamizi wa harusi yake. Ndoa ingefungwa Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Nilijibu ndiyo kabla hajaweka kikombe chini. Tulikuwa tumesoma pamoja na kulima kitunguu pamoja Mang'ola, na kila mmoja alikuwa amemzika mzazi wa mwenzake. Ningewezaje kusema vingine?

Jambo ambalo hakulijua ni kwamba mke wangu hakuwa amesafiri kumwuguza mama yake, kama nilivyokuwa nikiwaambia watu. Alikuwa ameondoka. Tulikuwa na mwezi wa pili bila kuishi pamoja.

Kwetu msimamizi hachaguliwi kwa ajili ya kupendeza kwenye picha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ndoa ifungwe mbele ya mashahidi wasiopungua wawili, na kwa kipimo hicho ningefaa kabisa: nina macho ya kuona na mkono wa kutia sahihi. Lakini kanisa na jamii vinataka zaidi. Msimamizi na mkewe ndio watakaogongewa mlango maharusi watakapokosana. Ndio wanaosimama karibu na madhabahu, na watu wakiwatazama husema moyoni, ndoa hii nayo iwe kama ile. Kusimama pale ni kutoa ushuhuda hata kama hujafungua mdomo. Ushuhuda wangu ungekuwa wa uongo.

Nilikaa na jambo hilo wiki kadhaa. Mimi ni dereva wa watalii, na kazi hii ilinipa udhuru mzuri kuliko wote: Agosti ni msimu wa wageni. Ningesubiri hadi Julai, niseme nimepangiwa safari ya siku kumi Serengeti. Karatu nzima ingeniamini, maana hapa karibu kila nyumba ina mtu aliyewahi kukosa sherehe kwa sababu ya wageni. Nisingeaibika, wala rafiki yangu asingekuwa na wa kumlaumu.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana anasimulia juu ya walioalikwa karamuni. Mmoja alinunua shamba, mwingine ng'ombe jozi tano, mwingine alikuwa ameoa. Nilizoea kuusoma mfano huo nikitazama udhuru wenyewe. Safari hii nilitazama saa ulipotolewa. Walikuwa wamealikwa mapema, na waliomba udhuru mtumishi alipokuja kusema kila kitu kiko tayari, nyama imeiva. Udhuru wa dakika ya mwisho haumwachii mwenye karamu nafasi ya kufanya lolote isipokuwa kukasirika. Ningengoja Julai, ningemfanyia rafiki yangu hivyo hivyo.

Lakini lilikuwepo neno jingine lililonizuia. Zaburi ya 15 inamsifu mtu aliyeapa asibadilike ijapokuwa kiapo kinamuumiza. Je, kujitoa si kuvunja neno? Nimeona kwamba zaburi hiyo inasema juu ya hasara ya yule aliyeahidi. Kama sababu yangu ingekuwa uchovu, au gharama ya suti, au kukosa posho za siku chache za wageni, basi ilinipasa niumie na kutimiza. Na kama fedha ingenishinda kabisa, ingetosha kumwambia mwenzangu ukweli huo, tukatafuta suti ya kuazima, bila kujitoa. Hapa mambo yalikuwa tofauti. Nikitimiza, wa kuumia wangekuwa maharusi, ambao wangeegemea nguzo wasiyojua kuwa imeoza.

Njia niliiona katika Mithali, sura ya 6, mistari mitano ya kwanza. Pale anazungumziwa mtu aliyejifunga kwa maneno ya kinywa chake kwa kumdhamini mwenzake. Mwenye hekima hamwambii akimbie wala ajifiche. Anamtuma aende kwa mwenzake huyo, ajinyenyekeze, amsihi, wala asilale kwanza. Neno ulilompa mtu yuko naye. Huwezi kujifungua mwenyewe ukiwa kwako. Unakwenda kwake, naye ndiye anayekufungua.

Kila dereva anayeshuka kreta ya Ngorongoro kwa barabara ya Seneto anajua kuwa ni ya kushukia tu. Breki zinakaguliwa juu, kwa sababu ukishaanza kuteremka hakuna pa kugeuzia. Harusi nayo ina mahali pake pa juu. Ni kabla kamati haijachapisha kadi, kabla kitambaa cha sare hakijakatwa, kabla majina ya wasimamizi hayajafika kwa mchungaji, na kabla matangazo ya ndoa hayajaanza kusomwa ibadani. Kikao cha kwanza cha kamati kilipangwa Jumapili ya pili ya Mei. Nilikwenda Jumatano iliyotangulia.

Kwanza nilimpigia simu mke wangu, kwa sababu siri ile haikuwa yangu peke yangu. Nilimwuliza niseme kiasi gani. Akajibu, "Mwambie hatuishi pamoja. Sababu zibaki kwetu." Huo ndio mpaka niliokwenda nao. Nimejifunza kwamba uaminifu haumdai mtu aanike kila kitu cha nyumba yake. Unamdai aseme kile ambacho mwenzake anakihitaji ili aamue vyema, na asiongeze uongo hata mmoja wa kukipamba.

Sikupiga simu wala kuandika ujumbe. Nilimkuta shambani Oldeani, nikamwambia tukiwa tumesimama kati ya mibuni: "Ndugu yangu, nilikujibu haraka. Mimi na shemeji yako hatuishi pamoja tangu Februari. Siwezi kusimamia ndoa yako nikijifanya yangu iko sawa. Naomba uniachilie mapema, upate mwingine."

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: "Miezi mitatu, na hukuniambia?" Kujitoa hakukumuumiza kama kufichwa kulivyomuumiza. Sikujitetea. Mwishowe akasema, "Nimekuachilia," akarudi kwenye kazi yake.

Jumapili ile kamati iliandika majina ya kaka yake na mkewe. Hakuna kadi iliyochapishwa upya, wala fundi aliyelipwa mara mbili. Nilitoa mchango wangu wote kama nilivyoahidi, kwa maana huo sikuwa nimefunguliwa. Lakini kwa majuma mengi rafiki yangu alinisalimu kama mtu wa mbali, nami nilijua sina haki ya kumharakisha. Ukweli uliosemwa mapema ulimwokoa na aibu ya Agosti, haukunilipia msamaha.

Siku ya harusi niliomba ruhusa kazini na kumwendesha bibi yake kutoka Rhotia hadi kanisani, kisha nikakaa benchi la nyuma. Mke wangu alikuja pia, akakaa upande wa wanawake. Hatukurudi nyumba moja jioni ile. Ila tulikuwa tumekwisha kwenda kwa mchungaji mara mbili, jambo ambalo tusingelifanya kama Agosti ingenikuta nimesimama mbele, nimevaa suti, nikitabasamu.